Vikopo viwili vya yogati: namna ya kusoma picha za lebo na kuamua kipi ni bora kwa afya

Mtu akitumiwa picha za vikopo viwili vya yogati na kuombwa achague, jicho hukimbilia upande wa mbele: stroberi zilizoiva, rangi ya kupendeza, maandishi makubwa ya "mafuta kidogo". Upande huo ndio wenye msaada mdogo kuliko pande zote. Jibu liko nyuma, kwa herufi ndogo, kwenye jedwali la virutubisho na orodha ya viambato, na ukishajua unachotafuta humo dakika kumi zinatosha.

Nitakwenda na mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Vikopo vyote viwili ni vya yogati ya stroberi. Kikopo A kimeandikwa "mafuta kidogo" mbele. Kikopo B hakina dai lolote. Namba za vikopo vyote viwili nimezipanga mwenyewe zifanane na zile zinazoonekana kwenye lebo za kawaida. Si za kampuni yoyote.

Hatua ya 1: Pata picha zinazosomeka

Kwa kila kikopo unahitaji picha ya jedwali la virutubisho, picha ya orodha ya viambato, na picha inayoonyesha uzito halisi pamoja na maelekezo ya kuhifadhi. Picha ya mbele ipige pia, kwa sababu moja tu: kuhakikisha ladha. Yogati ya vanila na ya stroberi za kampuni hiyo hiyo huwa na majedwali tofauti, na ni rahisi sana kuchanganya picha zikishakuwa nyingi kwenye simu.

Kikopo ni duara, kwa hiyo orodha ndefu hupinda na kupotelea pembeni. Piga picha mbili au tatu huku ukikizungusha kidogo, na kila picha irudie maneno machache ya ile iliyotangulia, usije ukaruka kiambato katikati. Zima taa ya kamera, maana plastiki na karatasi ya kung'aa huirudisha na kufuta namba. Usiisogeze simu karibu mno mpaka ikashindwa kulenga. Simama mbali kidogo, kisha kuza picha.

Kabla hujakirudisha kikopo mahali pake, fungua picha na ukuze sehemu ya namba. Tazama hasa nukta ya desimali. Lebo nyingine huandika mkato badala ya nukta, hivyo 3,0 ni 3.0. Nukta ikifutika, gramu 1.0 ya mafuta yaliyoshiba inasomeka gramu 10, na ulinganisho wote unageuka juu chini.

Hatua ya 2: Zilete namba kwenye uzito mmoja

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Majedwali ya vikopo vyetu yanasema hivi.

Kikopo A, kwa mlo mmoja wa gramu 125 (ambao ndio kikopo kizima): nishati kilokalori 112, mafuta gramu 1.5, mafuta yaliyoshiba gramu 1.0, kabohaidreti gramu 20, kati yake sukari gramu 18, protini gramu 4.5.

Kikopo B, kwa gramu 100: nishati kilojuli 376 au kilokalori 89, mafuta gramu 3.0, mafuta yaliyoshiba gramu 2.0, kabohaidreti gramu 11.0, kati yake sukari gramu 10.6, protini gramu 4.6. Uzito halisi wa kikopo ni gramu 170.

Ukizisoma zilivyo, A anaonekana kuwa na nishati kubwa zaidi, 112 dhidi ya 89. Si kweli, kwa kuwa namba moja ni ya gramu 125 na nyingine ni ya gramu 100. Gawanya kila namba ya A kwa 125, kisha zidisha kwa 100. Kwa njia ya mkato, gawanya kwa 1.25. Sasa kikopo A kwa gramu 100 kina kilokalori 89 na ushee, mafuta 1.2, yaliyoshiba 0.8, kabohaidreti 16, sukari 14.4, protini 3.6.

Kumbe nishati ni ile ile. Yogati yenye "mafuta kidogo" haina nafuu ya hata kilokalori moja juu ya mwenzake, uzito kwa uzito. Mafuta yalipunguzwa, na kitu kingine kikachukua nafasi yake. Kazi iliyobaki ni kukijua kitu hicho.

Kama lebo moja imeandika kwa mililita 100 na nyingine kwa gramu 100, usihangaike. Yogati ni nzito kuliko maji kwa asilimia chache tu, na tofauti hiyo haitabadilisha jibu lako. Safu ya "asilimia ya mahitaji ya siku" nayo iache kwanza. Kila nchi ina kipimo chake cha msingi, na kwenye lebo za Ulaya, kwa mfano, asilimia ya sukari huhesabiwa kwa gramu 90 za sukari zote kwa siku, pamoja na ile ya asili ya maziwa na matunda. Ukilinganisha asilimia hizo na za lebo iliyotumia kipimo kingine, unalinganisha vitu visivyolingana.

Hatua ya 3: Hakiki namba zenye ukungu kwa nishati

Tuseme kwenye picha ya kikopo B namba ya mafuta imepigwa na mwanga, hujui kama ni 3.0 au 8.0. Huna haja ya kurudi dukani. Jedwali la virutubisho lina njia ya kujithibitisha lenyewe: kila gramu ya protini hutoa kilokalori 4, kila gramu ya kabohaidreti hutoa 4, na kila gramu ya mafuta hutoa 9. Jumla yake lazima ikaribiane na nishati iliyoandikwa.

Jaribu na 3.0. Mafuta 3.0 mara 9 ni 27. Kabohaidreti 11.0 mara 4 ni 44. Protini 4.6 mara 4 ni 18.4. Jumla ni 89.4, na lebo inasema 89. Jaribu na 8.0: mafuta peke yake yanatoa 72, na jumla inapanda hadi 134. Haiwezekani. Namba ni 3.0.

Kama mstari wa nishati nao hausomeki vizuri, kilojuli zitakusaidia: gawanya kwa 4.184 upate kilokalori. Kwa B, 376 ukigawanya kwa 4.184 unapata karibu 90, na pengo dogo la namba moja linatokana na kuzungusha desimali tu. Kadhalika, ukiona sodiamu kwenye lebo moja na chumvi kwenye nyingine, zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Kwa yogati ya kawaida, hata hivyo, chumvi huwa ndogo kiasi kwamba haipaswi kuamua chochote.

Ipende hesabu hii. Hukamata makosa ya macho, na hukamata pia picha mbili za bidhaa tofauti zilizochanganyika: jedwali la kikopo kimoja likiunganishwa na nishati ya kingine, jumla inakataa.

Hatua ya 4: Tenga sukari ya maziwa na sukari iliyotiwa

Mstari wa "sukari" kwenye lebo nyingi hujumlisha zote: laktozi ya asili ya maziwa, sukari ya tunda, na ile iliyomiminwa kiwandani. Mtu asiyejua hilo anaweza kuiogopa yogati isiyotiwa kitu kwa sababu jedwali linasema sukari gramu 4.7. Hiyo ni laktozi, na haihesabiki kwenye sukari ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri tuzipunguze.

Baadhi ya lebo, zikiwemo za Marekani, zina mstari wa pekee wa sukari iliyoongezwa. Ukiuona, umeokoa kazi. Usipouona, kadiria. Yogati tupu ya kawaida huwa na gramu 4 hadi 5 za laktozi kwa kila gramu 100. Ile nzito iliyochujwa huwa nayo kidogo zaidi ya 3, kwa sababu sehemu ya laktozi hutoka na maji yake, na yogati iliyoongezwa unga wa maziwa inaweza kufika 7. Yogati ya matunda haijajaa maziwa yote. Sehemu yake ni tunda na sukari, hivyo mimi hutumia gramu 4 kama makadirio ya laktozi. Ni makadirio, si kipimo cha maabara, lakini yanafaa mradi utumie namba ile ile kwa vikopo vyote viwili.

Kikopo A: 14.4 ukitoa 4 inabaki karibu 10.4 kwa kila gramu 100. Kikopo B: 10.6 ukitoa 4 inabaki karibu 6.6. Ndani yake mna sukari kidogo ya stroberi zenyewe, ila tunda hilo lina sukari ndogo (takriban gramu 5 kwa gramu 100 za tunda), na kwa kuwa limetiwa kidogo, mchango wake hauzidi nusu gramu. Hatutaiondoa.

Kwa hiyo kilichochukua nafasi ya mafuta kwenye A ni sukari. Wala si sukari peke yake. Toa sukari kwenye kabohaidreti: kwa A, 16 ukitoa 14.4 inabaki 1.6, kwa B, 11.0 ukitoa 10.6 inabaki 0.4. Ile gramu 1.6 ni wanga uliotiwa kuifanya yogati iwe nzito mdomoni baada ya mafuta kuondolewa. Wanga huo hauna madhara, lakini unaeleza kwa nini kikopo hicho kina uzito wa yogati nono huku protini yake ikiwa ndogo.

Hatua ya 5: Tumia asilimia ya tunda kama rula

Viambato huorodheshwa kuanzia chenye uzito mkubwa kwenda chenye uzito mdogo. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba, katika nchi nyingi, kiambato kinachotangazwa kwa picha au kwa jina mbele ya kikopo hutakiwa kuandikiwa asilimia yake, na asilimia hiyo hupima vile vilivyo jirani nayo.

Kikopo A: maziwa yaliyopunguzwa mafuta, sukari, stroberi (6%), wanga uliorekebishwa, shira ya glukozi, kiimarishi (pektini), ladha, rangi (E120), bakteria wa yogati.

Kikopo B: maziwa, stroberi (9%), sukari, unga wa maziwa, kiimarishi (pektini), bakteria wa yogati.

Kwenye A, sukari imetangulia stroberi. Stroberi ni asilimia 6, basi sukari haiwezi kuwa chini ya gramu 6 kwa gramu 100, na nyuma yake inafuata shira ya glukozi, ambayo ni sukari kwa jina lingine. Kwenye B, sukari imekuja baada ya stroberi za asilimia 9, basi haiwezi kuzidi gramu 9. Makadirio yetu ya hatua ya nne yalisema A karibu 10.4 na B karibu 6.6. Orodha inayaunga mkono yote mawili. Njia mbili tofauti zikielekea upande mmoja, unaweza kulitegemea jibu.

Unaposoma orodha, jumlisha akilini majina yote ya sukari: shira ya glukozi, fruktozi, dekstrozi, asali, juisi ya matunda iliyokolezwa. Asali na juisi iliyokolezwa zinasikika vizuri, lakini Shirika la Afya Duniani linaziweka kapu moja na sukari ya mezani. Sukari ikigawanywa katika majina matatu, kila jina hushuka chini kwenye orodha, na msomaji wa haraka hudhani ni kidogo. Asiyekuwa na haraka hurudi kwenye jedwali, kwa kuwa huko zote zimejumlishwa.

Kuhusu namba za E, usizihukumu kwa pamoja. E440 ni pektini, inayotoka kwenye matunda. E120 ni rangi nyekundu inayopatikana kwa mdudu. Ni salama kwa walio wengi, lakini wasiokula vitokanavyo na wanyama watataka kuijua, na watu wachache hupata mzio nayo. Jelatini pia hutiwa kwenye baadhi ya yogati, na kwa anayefuata masharti ya dini juu ya chakula neno hilo pekee linaweza kuamua. Mambo hayo ni ya msingi kwa wanaohusika nayo, ila hayasemi lolote kuhusu sukari wala mafuta, kwa hiyo yaangalie peke yake.

Tazama pia kama bakteria wako hai. Yogati hutengenezwa kwa bakteria wawili, *Streptococcus thermophilus* na *Lactobacillus bulgaricus*, na wakiwa hai humsaidia mtu mwenye shida ya laktozi kuimeng'enya. Maandishi ya "imepashwa joto baada ya kuchachushwa", au maelekezo ya kuhifadhi nje ya jokofu kwa miezi, yanamaanisha bakteria hao wameuawa. Ndiyo sababu niliomba picha ya maelekezo ya kuhifadhi. Vikopo vyetu vyote viwili vinadai jokofu na vimeandika bakteria hai, hivyo hapa hawajapishana.

Hatua ya 6: Yape mafuta uzito wake, usiyazidishe

A ina mafuta yaliyoshiba gramu 0.8 kwa gramu 100. B ina 2.0. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, ushauri wa kutozidisha asilimia 10 ya nishati kwenye mafuta yaliyoshiba unatoa karibu gramu 22. Akila gramu 125 za B badala ya A, anaongeza gramu 1.5. Sukari inayotiwa ina kikomo cha namna hiyo hiyo: asilimia 10 ya kilokalori 2,000 ni gramu 50, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kushuka hadi asilimia 5, yaani gramu 25, kama inawezekana. Akila gramu 125 za A badala ya B, anaongeza karibu gramu 4.8 za sukari.

Gramu 1.5 kati ya 22 ni kama asilimia 7 ya kikomo. Gramu 4.8 kati ya 50 ni karibu asilimia 10, na kati ya 25 ni karibu asilimia 19. Kwa hesabu hiyo, anachookoa A kwenye mafuta ni kidogo kuliko anachopoteza kwenye sukari. Ninaona hoja hii ina nguvu kuliko kusema tu kwamba "sukari ni mbaya", kwa sababu imeweka vitu viwili tofauti kwenye mizani moja, mizani ya kikomo cha siku.

Na lile dai la mbele? Codex, mwongozo wa kimataifa wa viwango vya chakula, unaruhusu chakula kigumu kuitwa chenye mafuta kidogo kikiwa na gramu 3 au pungufu kwa gramu 100. B yenye 3.0 inafika hapo hapo. Penye kikomo hicho, mtengenezaji wa B angeweza kuandika maneno yale yale mbele ya kikopo chake, hakuyaandika tu.

Hatua ya 7: Hesabu kile kitakacholiwa kweli

Mpaka hapa B inaongoza. Lakini hakuna anayekula gramu 100 kamili. Mtu hufungua kikopo na kukimaliza. Kikopo A kina gramu 125, kikopo B kina gramu 170, na hapo picha inabadilika.

Sukari iliyotiwa kwenye kikopo A kizima: 10.4 mara 1.25, ni gramu 13. Kwenye kikopo B kizima: 6.6 mara 1.7, ni gramu 11.2. Ule uongozi mkubwa umebaki gramu 2 tu, chini ya nusu kijiko cha chai. Nishati ni 112 kwa A na karibu 152 kwa B. Mafuta yaliyoshiba ni 1.0 kwa A na 3.4 kwa B. Protini ni 4.5 kwa A na 7.8 kwa B.

Kwa hiyo swali la kumuuliza aliyetuma picha ni hili: yogati hii italiwaje? Kama atapima bakuli la kiasi kile kile kila siku, au atagawa kikopo kwa watu wawili, achague B. Kwa kila kijiko kuna sukari pungufu kwa zaidi ya theluthi. Kama atamaliza kikopo cha gramu 170 juu ya chakula kingine kilichomshibisha, faida ya B inayeyuka karibu yote, na anaongeza kilokalori 40. Kama kikopo hicho ndicho kifungua kinywa chake, protini ya ziada ya B ni sababu nzuri ya kukichagua.

Hukumu yangu kwa mfano huu ni B, kwa sharti la kula sehemu ya kikopo na kukirudisha kwenye jokofu. Kwa mtu aliyeambiwa na daktari wake abane mafuta yaliyoshiba, na ambaye hula maziwa, jibini na nyama kwa wingi kila siku, hukumu inaweza kugeuka, na asilazimishwe. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili ushauri wa kawaida ni maziwa yasiyopunguzwa mafuta, na ya kwake isiwe na sukari iliyotiwa kabisa. Hapo A na B vyote havifai; tafuta yogati tupu, umpondee tunda ndani yake.

Tofauti ndogo zisikudanganye

Namba za lebo si vipimo vya kikopo ulichoshika. Ni wastani, na sheria huruhusu kupishana. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unakubali sukari na protini zilizo chini ya gramu 10 kwa gramu 100 zipishane kwa gramu 2 juu au chini, na zilizo kati ya 10 na 40 zipishane kwa asilimia 20.

Weka hilo kwenye mfano wetu. Protini ya 3.6 na ya 4.6 zimetofautiana kwa gramu 1, ambayo iko ndani kabisa ya ruhusa hiyo; kwa jedwali peke yake usiape kwamba B ina protini zaidi. Unga wa maziwa kwenye orodha ya B ndio unaonifanya niiamini, maana huongeza protini. Sukari ya 14.4 inaweza kuwa kati ya 11.5 na 17.3, na ya 10.6 kati ya 8.5 na 12.7. Masafa hayo yanagusana pembeni. Ndiyo maana rula ya stroberi ina thamani: inatoa ushahidi wa pili usiotegemea jedwali. Kama vikopo viwili vimepishana kwa nusu gramu ya sukari na orodha zao zinafanana, sema wazi kwamba vinalingana, na mtu achague anachokipenda.

Kikitokea kikopo cha "bila sukari"

Hali hii hutatiza jedwali, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye viambato. Sukari ikiwa gramu 4 au 5 tu na yogati ni ya stroberi tamu, utamu umetoka mahali pengine: sukralozi (E955), asesulfamu K (E950), aspatamu (E951) au stevia (E960). Jedwali halina mstari wa vitu hivyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu visivyo na sukari visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, ushauri usiowagusa wale ambao tayari wana kisukari. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria lazima aiepuke aspatamu, na lebo nyingi huweka onyo la fenilalanini kwa ajili yake.

Kikopo kama hicho kitashinda A na B kwenye mstari wa sukari. Mimi bado ningekilinganisha na yogati tupu ya mafuta kamili iliyotiwa tunda nyumbani: ukichukua gramu 100 za yogati yenye laktozi 4.7 na kuongeza gramu 50 za stroberi, unapata sukari zisizozidi gramu 8 kwa bakuli zima, hakuna hata moja iliyotiwa kiwandani, na tunda ni theluthi ya bakuli badala ya asilimia 6.